Mstari Usio na Mwenyewe

Mwalimu Wakoli aliandika kama alivyohubiri, na alihubiri kama mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa saa. Mpango wake wa Oktoba ulijaza kurasa tatu za sentensi tupu, aya moja ikimwagikia nyingine. Humo ndani mlikuwa na kila kitu ambacho shirika dogo la Jirani Salama lilinuia kuwaambia watu wa Kibera na Kawangware mwezi huo: maji ya kunywa, kuhara, chanjo za watoto, lishe, na salamu za sikukuu. Mwalimu aliusoma kwa sauti katika mkutano wa Jumatatu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, na alipomaliza watu wakapiga makofi. Ulikuwa mpango mtamu kuusikiliza.

Shida ni kwamba wafadhili hawakutaka kusikiliza. Walitaka jedwali la kalenda, mwezi mzima, kila jambo kwenye mstari wake: tarehe, mada, njia itakayotumika, na jina la mwenye kazi. Walilitaka Ijumaa kabla ya saa sita, na walikuwa wameongeza sentensi moja yao wenyewe, fupi na kavu: mstari usio na jina la mwenye kazi utafutwa, na hautapewa pesa ya bundles za intaneti wala ya redio. Mwalimu akamwangalia Nelima, ambaye alikuwa na wiki tatu tu kazini, akasema hii ni kazi ya vijana. Mgeni haonyeshwi kiti, huonyeshwa jembe.

Nelima hakununa. Alikuwa mtu wa kuuliza tangu utotoni. Kule Bungoma bibi yake alizoea kumwambia kwamba maswali yake yangemaliza mate ya watu, na yeye alikuwa akijibu kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Akabeba zile kurasa tatu hadi meza ya dirishani, ghorofa ya kwanza, juu ya Soko la Toi ambako wauza mitumba walikuwa wakiita bei bila kupumzika, akachukua kalamu nne za rangi. Kila sentensi aliipa maswali manne: ni nini, ni wapi, ni lini, ni nani. Kila jibu lilipata rangi yake.

Alishangaa jinsi sentensi moja inavyoweza kuficha kazi nyingi. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba kila Jumatano watazungumzia maji safi redioni na kwenye Facebook. Masikioni ni jambo moja. Kwenye jedwali yalikuwa mambo manane, kwa sababu Oktoba hiyo ilikuwa na Jumatano nne, na redio ilikuwa ya Derrick huku Facebook ikiwa ya Phanice. Nelima hakutaka kuwabana wawili kwenye mstari mmoja. Mstari wenye majina mawili ni mstari ambao kila mmoja anadhani mwenzake ameshaufanya.

Penye maneno "katikati ya mwezi" hakubuni tarehe. Aliandika swali pembeni, akaenda kumwuliza Mwalimu, na Mwalimu akakuna kidevu, akasema tarehe kumi na tano. Penye "tusisahau lishe" hapakuwa na siku wala njia, kwa hiyo akaiweka chini kabisa, kwenye sehemu aliyoiita "Bado haijapangwa", isije ikapotea, na isije ikajifanya imepangwa. Kazi ilimnogea. Kufika Jumanne mchana jedwali lilikuwa na mistari thelathini na kitu, na karibu yote ilikuwa na majina.

Mmoja haukuwa na jina.

Ulitoka ukurasa wa kwanza, katikati ya aya ndefu kuhusu Kawangware: "Na kama kawaida, Ijumaa tutawakumbusha kina mama siku ya chanjo." Wauguzi walikuwa wakija kwenye ukumbi wa kanisa kule Gatina, Kawangware, Jumanne ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi. Mama aliyesahau ni Jumanne ipi alikuta mlango umefungwa, au alikosa kabisa. Ndiyo maana palikuwa na kikumbusho, Ijumaa iliyotangulia. Mada ilijulikana. Tarehe zilijulikana: mbili na kumi na sita Oktoba. Lakini njia gani? Na nani?

Akamwuliza Phanice. Phanice alisema hiyo ni ya Kawangware, mwulize Waceke. Akampigia Waceke, aliyesimamia meza yao ndogo ya Kawangware, na Waceke akasema, "Zii, hiyo hutoka huko kwenu head office. Sisi tunaionanga tu." Derrick alisema labda ni Mwalimu. Mwalimu alisema ni Opondo. Na Opondo alikuwa ameacha kazi mwezi wa tano, akaenda kufungua duka la simu Kisumu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walisema, ila hawakusema ofisi nzima inaweza kutegemeana hivyo kwa miezi minne huku wote wakiwa na amani moyoni.

Nelima akafungua kikundi cha WhatsApp cha kina mama wa Gatina, akapandisha ujumbe kwa kidole. Matangazo ya kuku, picha za harusi, maombi, mtu anauza sofa. Kikumbusho cha mwisho cha chanjo kilikuwa cha Opondo, mwezi wa tano. Baada ya hapo, kimya.

Jambo hili Nelima alilijua kwa karibu. Dada yake Bridgit, aliyekuwa akiishi Lindi, kulekule Kibera, aliwahi kubeba mapacha wake kwenye matope ya Aprili hadi kliniki iliyokuwa imefungwa siku hiyo. Alirudi nyumbani na hasira, akaapa hataenda tena kuchekwa na kufuli. Ilichukua karibu mwaka mzima kumrudisha, na pacha mmoja alikuwa ameshaugua surua. Kwa hiyo Nelima alipoutazama mstari ule mtupu aliogopa waziwazi, na aliogopa kwa niaba ya watoto asiowajua.

Akampigia Waceke tena, akamwuliza kwa upole ni kina mama wangapi wanaokuja ukumbini siku hizi. Alitarajia kuambiwa ukumbi umekauka.

"Wanajaa," Waceke alisema. "Jumanne iliyopita benchi hazikutosha. Kwani kuna nini?"

Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia Nelima. Kikumbusho hakitumwi, na watu wanakumbuka. Ofisi imelala, na kazi inafanyika. Ni nani basi?

Mwalimu Wakoli hakuona fumbo lolote. Alimwambia aandike "Timu" kwenye ile nafasi, mstari utapita, maisha yaendelee. Nelima alimjibu kwa heshima kwamba Timu haina simu, na kwamba mstari ule umekuwa wa Timu tangu Mei na hakuna aliyeufanya. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha akaiokota bila kucheka tena, kwa sababu alikuwa ameripoti kwa wafadhili mara mbili kwamba vikumbusho vinakwenda vizuri. Akamwambia basi, mpaka Ijumaa. Asipompata mwenyewe, mstari ufutwe.

Jumatano asubuhi Nelima alilipanga jedwali kwa tarehe. Mpaka hapo mistari ilikuwa imefuata mpangilio wa Mwalimu, na Mwalimu alikuwa ameanza na Kawangware na kumalizia na sikukuu. Sasa kila jambo lilikwenda kukaa kwenye siku yake, na pale kwenye Jumanne, Oktoba ishirini, mistari miwili iliyotoka mbali ikajikuta inagusana mabega.

Wa kwanza ulisema: Chanjo, ukumbi wa kanisa, Gatina.

Wa pili, uliotoka mwisho wa ukurasa wa tatu, ulisema: Siku ya Mashujaa, picha za wauguzi wetu ambao ndio mashujaa wa kweli, Facebook, Phanice.

Nelima aliisoma mara mbili. Siku ya Mashujaa ni sikukuu ya taifa. Wauguzi hawafanyi kazi. Phanice angekuwa anawasifu wauguzi kwenye Facebook saa ileile ambayo kina mama wa Gatina wangekuwa wamesimama na watoto mgongoni mbele ya kufuli, wakiwasifu wauguzi kwa maneno mengine kabisa. Mwalimu aliandika yote mawili kwa mkono mmoja na hakuona, Nelima mwenyewe aliyapaka rangi yote mawili na hakuona, na mkutano mzima ulikuwa umeyapigia makofi.

Alimpigia muuguzi aliyesimamia zile safari, Immaculate, mwanamke wa sauti ya haraka haraka. Immaculate alisema ndiyo, wamehamisha, watakuja Jumatano tarehe ishirini na moja, na kwamba walishatuma taarifa kwa ofisi ya Jirani Salama kitambo. Kwa namba gani? Alipoisoma, ilikuwa namba ya Opondo.

Sasa lile fumbo lilikuwa limepata meno. Yule mtu asiyejulikana, popote alipo, angewaambia kina mama Jumanne ya tatu, kama kawaida. Angefanya kazi yake vizuri kabisa na kuwapeleka wote kwenye mlango uliofungwa.

Alhamisi Nelima alivuka kwenda Kawangware. Waceke alimpokea, mwembamba, mcheshi, kichwa kimefungwa kitambaa cha njano, wakaingia vichochoro vya Gatina wakiuliza. Mama wa kwanza aliyekuwa na mtoto mgongoni aliwaambia kwamba siku ya chanjo aliambiwa "kwa bomba". Wa pili alisema hivyohivyo. Wa tatu aliwashangaa kwa kutojua, akaonyesha kwa mdomo: kule mbele, lango la kijani, kwa Shosho Wangeci.

Waceke alisimama ghafla. Alimjua bibi huyo. Wangeci alikuwa mwenye ploti tangu kabla ya wao kuzaliwa, mwenye nyumba za mabati safu tatu, na mwenye bomba la pekee lisilokauka eneo hilo. Mwezi wa tatu alikuwa amemfukuza Waceke langoni kwa kumwambia vyoo vyake ni vichafu. Kwenye jedwali hilohilo, Oktoba tisa, palikuwa na mstari unaosema: Wenye ploti waelimishwe kuhusu usafi wa vyoo, bango, Waceke. Mwanafunzi mkuu wa mstari huo alikuwa huyu.

Walimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya bomba, funguo kiunoni, sweta la kahawia limefungwa vifungo hadi shingoni. Mbele yake mitungi ya manjano ilikuwa imepangwa mstari kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Nelima alimsalimu, akajitambulisha, akamwuliza moja kwa moja kama ni yeye anayewaambia kina mama siku ya chanjo.

"Nani amesema nimekosea?" Wangeci aliuliza.

Nelima alisema hakuna. Alitaka tu kujua ilianzaje. Mzee alimpima kwa macho, akaona ni swali la mtu anayetaka jibu, akaanza kusimulia. Zamani simu zao zilikuwa zinalia Ijumaa, na kila mtu anajua. Halafu simu zikanyamaza. Basi kila anayekuja kuchota maji anamwuliza, Shosho, ni Jumanne hii ama ile ingine? Mmoja, wa pili, wa kumi. Kwani yeye ni kalenda? Alichoka. Akaamua Ijumaa jioni, kabla ya kufungua bomba, wote wakiwa wamepanga mitungi, anasema mara moja. Wasiponyamaza kusikiliza, bomba halifunguki. Na wakishasikia, asimwulize mtu tena.

Waceke alikuwa akijaribu kuficha kicheko nyuma ya kitambaa chake. Nelima hakucheka. Miezi minne alikuwa hapo mwanamke mmoja aliyechoshwa na maswali, na watoto wote wa Gatina walikuwa wamechanjwa juu ya uchovu wake. Alitaka kumkumbatia, ila aliona wazi kwamba si mtu wa kukumbatiwa.

Akamweleza habari ya tarehe ishirini. Wangeci alisikiliza, mkono ukipapasa funguo.

"Ungechelewa," alisema polepole, "ningewapeleka wote kwa kufuli. Na wangerudi hapa kwangu."

"Ndio maana nimekuja, Shosho. Na ndio maana nataka kuandika jina lako kwa mpango wetu. Wewe ndio mwenye kazi."

"Apana. Usiniandike."

Nelima akauliza kwa nini. Wangeci alisema kwamba ukiandikwa, kesho unaitwa mkutano. Kesho kutwa unaulizwa ripoti. Halafu anakuja huyu, akamwonyesha Waceke kwa kidole bila kumtazama, kukuambia habari ya choo. Yeye anasema jambo lake kwenye bomba lake, na akiumwa siku moja hasemi, na hakuna wa kumdai. Ndivyo majirani wanavyoishi. Nelima, ambaye ndiye aliyetumwa, aandike jina lake mwenyewe.

Walirudi bila jina. Njiani Waceke alisema si waandike tu, shosho hawezi kujua. Nelima alitikisa kichwa. Jina la mtu aliyekataa ni sawa na Timu, tena ni baya zaidi, kwa sababu linafanana na ukweli. Ila lile neno la mwisho la mzee lilimkaa kichwani. Alilitafuna mpaka Ngong Road.

Ijumaa, saa nne, mstari ulijaa. Oktoba kumi na sita, Ijumaa. Mada: Chanjo imehamishwa, ni Jumatano tarehe ishirini na moja, si Jumanne. Njia: tangazo la mdomo, bomba la maji, Gatina. Mwenye kazi: Nelima. Chini yake aliongeza mwingine uliosema vilevile kwa WhatsApp, mwenye kazi Waceke, kwa wale wasiochota maji pale. Picha ya mashujaa ilibaki Jumanne, lakini Phanice alikubali kuiongezea tarehe mpya ya chanjo. Na juu kabisa, kwenye tarehe mosi, akaweka mstari ambao Mwalimu hakuwahi kuuandika: kuthibitisha tarehe za mwezi mzima na muuguzi Immaculate, simu, Nelima.

Mwalimu Wakoli alisoma, akainua nyusi kwenye neno bomba. Wafadhili walikuwa wameorodhesha njia zao: redio, Facebook, WhatsApp, bango. Bomba halikuwemo. Nelima alimwuliza ni ipi kati ya hizo nne iliyojaza ukumbi tangu Mei. Mwalimu akabonyeza kutuma, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwezi ujao na yeye atajaribu kuandika kwa kifupi. Hakuna aliyemwamini.

Tarehe kumi na sita, jioni, Nelima alifika kwenye lango la kijani. Mitungi ilikuwa imeshapangwa na kina mama wamesimama, wengine na watoto mgongoni, wengine wakipiga soga. Wangeci alikuwa amekaa pale pale, funguo mkononi. Nelima akamsogelea amkumbushe tarehe, ila mzee hakutaka kukumbushwa.

"Sema wewe," alisema. "Si uliandika jina lako?"

Basi Nelima alisimama kando ya bomba lililokuwa bado limefungwa. Alizoea kuandika maneno ya watu wengine, na hapa macho yote yalikuwa yake. Alianza kwa sauti ndogo. Mama mmoja nyuma akasema haskii. Akaanza upya, kwa sauti ya kwao Bungoma, ile ya kuita ng'ombe. Jumanne ni sikukuu. Wauguzi hawaji Jumanne. Wanakuja Jumatano.

"Lini?" Wangeci aliwauliza kina mama, ufunguo ukiwa umegusa kufuli.

"Jumatano," wakajibu.

"Sijaskia."

"Jumatano!"

Maji yakafunguliwa.

Siku ya Mashujaa ofisi ilifungwa. Nelima alikuwa na haki ya kulala mpaka saa nne, lakini alikuwa macho alfajiri, roho haitulii. Je, kama kuna aliyekuwa hayupo Ijumaa? Je, kama kuna asiye na simu? Akavaa, akaenda Gatina. Alipokata kona ya kanisa aliliona lango la ukumbi limefungwa, kufuli linang'aa kwenye jua la asubuhi, na mbele yake hakuna mama hata mmoja. Hakuna mtoto. Hapo kwenye kivuli cha ukuta palikuwa na kiti cha plastiki tu, na juu yake Shosho Wangeci, sweta limefungwa hadi shingoni.

"Umefuata nini?" Wangeci aliuliza.

"Kuangalia kama kuna aliyekuja kimakosa. Na wewe, Shosho?"

Mzee alitazama lango lililofungwa, kisha njia tupu. Alikuwa amebeba thermos na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa cha mama ambaye angekuja kimakosa. Akakimiminia chai, akampa Nelima. Wakakaa wakinywa mpaka saa tatu ilipopita na hakuna aliyekuja.

Wangeci alikung'uta kikombe chake chini, akasimama, akakunja kiti.

"Mwezi ujao," alisema, "niandike. Lakini huyo Waceke asije kwa mkutano."